Mshauri Gani Anaomba Ruhusa ya Kwenda Hospitali?

Kuna neno moja ambalo limeokoa waajiri wa mji huu pesa nyingi kuliko mhasibu yeyote. Neno lenyewe ni "mshauri". Ukiliandika juu ya mkataba, kijana wa miaka 24 anayeripoti kazini saa mbili asubuhi na kutoka saa kumi na moja jioni anageuka ghafla kuwa mfanyabiashara huru. Hana likizo, hana siku za ugonjwa, hana NSSF, na siku ya kufukuzwa hakuna anayehitajika kumweleza kwa nini. Wanakuita mkandarasi huru. Huru kutoka kwa nini? Hapo ndipo swali lilipo.

Hoja yangu ni fupi, nami nitaitetea hadi mwisho: jina lililo juu ya mkataba si ushahidi wa uhusiano uliopo. Ni dai tu, na tena ni dai la upande ulioandika karatasi. Kinachoamua kama wewe ni mwajiriwa ni jinsi mnavyoishi na kufanya kazi kila siku. Na sheria ya Kenya, ukiisoma vizuri, inasema hivyo hivyo.

Nina sababu ya kuzungumza. Leo mimi ni mkandarasi huru wa kweli. Ninaandika makala na maandishi ya matangazo kwa wateja wanne au watano, wengine Nairobi, mmoja Eldoret, mmoja yuko huko Njoro na anauza mbegu. Laptopu ni yangu, bando ni yangu, bei tunakubaliana. Nikitaka kuandika saa nane usiku naandika. Mteja akinizingua namwambia kwaheri, na nikichelewa ananikata au ananiacha. Nikiugua nakula hasara mwenyewe. Huo ndio mkataba wa huduma, na sina malalamiko nao.

Lakini kuanzia Aprili 2024 hadi Oktoba 2025, miezi 19, nilifanya kazi katika ofisi moja hapa Nakuru, ghorofa ya tatu, si mbali na Kenyatta Avenue. Sitaitaja. Mkataba wangu uliitwa mkataba wa ushauri. Kifungu cha pili kilisema kwamba hakuna chochote humo ndani kitakachofanya mimi nichukuliwe kuwa mwajiriwa. Kifungu cha tano kilisema nitajipangia saa zangu. Kifungu cha tisa kilisema naweza kumtuma mtu mwingine afanye kazi kwa niaba yangu. Karatasi safi kabisa, ukiisoma ukiwa Mombasa unaweza kudhani nilikuwa na kampuni yangu.

Sasa njoo tuingie ofisini. Mlangoni kulikuwa na kile kimashine cha alama ya kidole. Ukifika saa mbili na dakika kumi na moja, shilingi 200 zinakatwa mwisho wa mwezi. Jumatatu hadi Ijumaa hadi saa kumi na moja, Jumamosi hadi saa saba mchana. Laptopu ni ya ofisi na hairuhusiwi kutoka. Msimamizi ndiye aliyegawa kazi kila asubuhi kwenye kikundi cha WhatsApp, na ndiye aliyesema aya hii iondoke, ile ibaki. Pesa ilikuwa 35,000 kila tarehe 30, uandike makala kumi au thelathini. Kuandikia mtu mwingine kulikatazwa, na aliyejaribu alionywa kwa barua. Barua ya onyo! Umewahi kusikia mtu akimwandikia fundi wake wa bomba barua ya onyo? Na ukitaka kwenda Nakuru Level 5 kumwona daktari, ulijaza fomu ya kuomba ruhusa, ikasainiwa na watu wawili. Ile haki ya kumtuma mtu mwingine badala yangu haikutumiwa na yeyote hata siku moja. Kile kimashine cha mlangoni kilijua kidole changu, si cha binamu yangu.

Mwisho wake ulikuja kwa ujumbe wa WhatsApp siku ya Ijumaa jioni: huduma zako hazihitajiki tena kuanzia Jumatatu.

Weka hizo hali mbili kando kwa kando. Mtu ni yule yule, kazi ni ile ile ya kuandika, na jina ni lile lile, "mshauri", kwa mteja wa Njoro na kwa ofisi ya ghorofa ya tatu. Kama jina lingekuwa na maana yoyote, lingeeleza tofauti kati ya maisha haya mawili. Halielezi hata kidogo.

Mwaka 1985, katika kesi ya upangaji iliyofika Mabwana wa Sheria kule Uingereza, jaji mmoja alitoa mfano ambao wanasheria bado wanautumia. Mtu akitengeneza chombo cha kulimia chenye meno matano, ametengeneza jembe la meno, hata akiapa kwamba alikusudia sepetu na ndilo jina alilolitumia. Wakulima wa Molo wanaochimba viazi hawahitaji kwenda Uingereza kuelewa hilo. Shika chombo, hesabu meno, utajua ni nini.

Kwa hiyo tuhesabu meno. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 2, inasema mkataba wa kazi ni makubaliano ya kuajiri au kutumika kama mwajiriwa kwa muda fulani, yawe ya maandishi au ya mdomo, yawe yametamkwa au yanaonekana tu kwa matendo. Soma tena hayo maneno ya mwisho. Bunge lenyewe lilisema mkataba wa kazi unaweza kuonekana kwa matendo. Ikiwa matendo yanatosha kuuzaa mkataba pasipo karatasi yoyote, karatasi yenye jina la uongo haiwezi kuuzuia usizaliwe.

Majaji wetu wa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi wamekuwa wakitumia vipimo vinne hivi, ambavyo asili yake ni sheria ya Kiingereza lakini vimekaa hapa muda mrefu. Cha kwanza ni udhibiti: nani anaamua kazi ifanywe lini, wapi na kwa njia gani? Ukimwajiri fundi akujengee ukuta wa Kiamunyi, unamwambia urefu na siku ya kumaliza, humwambii ashike mwiko kwa mkono upi. Cha pili ni kama uko ndani ya shirika au pembeni yake. Kampuni ya uandishi isiyo na waandishi ni nini? Kama kazi yako ndiyo kampuni yenyewe inayouza, na jina lako liko kwenye zamu na vikao vyake, uko ndani. Cha tatu ni ukweli wa biashara: nani anabeba hasara na nani anapata faida? Mfanyabiashara wa kweli anaweza kupata zaidi akifanya kazi kwa akili zaidi, na anaweza kupoteza mtaji wake. Mimi kwa miezi 19 nilipata 35,000, si shilingi moja juu, na hasara pekee niliyoijua ni zile 200 za kuchelewa. Cha nne ni wajibu wa pande mbili: je, wao walilazimika kukupa kazi, na wewe ulilazimika kuifanya? Mteja wa Njoro akinipigia naweza kusema wiki hii siwezi. Kule ghorofani, neno "siwezi" lilikuwa utovu wa nidhamu.

Hakuna kipimo kimoja kinachoshinda peke yake. Daktari bingwa hadhibitiwi na mtu anapopasua, na bado anaweza kuwa mwajiriwa wa hospitali. Jaji anatazama picha nzima. Ndiyo maana ni upuuzi mtu kukuambia "lakini ulikuwa unatuma ankara kila mwezi", kana kwamba ankara moja inafuta kidole kwenye mashine mara mia nne.

Kesi inayoonyesha hili vizuri kuliko zote si ya Kenya, ila ukiisoma utadhani ni ya kwetu. Ni ya Autoclenz, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Uingereza mwaka 2011. Waliopeleka kesi walikuwa waosha magari 20 waliofanya kazi katika eneo moja, wakisafisha magari kabla hayajapigwa mnada. Mkataba wao uliwaita wakandarasi wadogo. Ulisema hawalazimiki kuja kazini na kampuni hailazimiki kuwapa kazi. Ulisema wanaweza kutuma mtu badala yao. Walilipa kodi kama watu waliojiajiri. Karatasi ilikuwa kamili kama yangu. Lakini ukweli ni kwamba vifaa vilikuwa vya kampuni, nguo za kazi zilikuwa za kampuni, bei iliwekwa na kampuni, na hata zile ankara zao zilitayarishwa na kampuni yenyewe. Mahakama ikasema katika uhusiano wa kazi, ambapo upande mmoja ndio unaoandika na mwingine unasaini, ni lazima kuuliza makubaliano halisi yalikuwa yapi, na maandishi ni sehemu tu ya jibu. Waosha magari walishinda. Vile vifungu vya "unaweza kutuma mtu" vilikuwa pambo tu, vimewekwa na wakili ili vionekane.

Hapo mtu ananiuliza: kwani wewe hukujua kusoma? Ulisaini ukiwa mtu mzima.

Naam, nilisaini, na nilisoma kila kifungu. Hiyo hoja ina nguvu sana ukinunua gari, lakini haina nguvu hapa, na sababu yake imeandikwa. Kifungu cha 3(6) cha Sheria ya Ajira kinasema masharti yaliyo katika sheria hiyo ndiyo kiwango cha chini, na makubaliano yoyote ya kuyaacha au kuyabadilisha ni batili. Yaani hata mwajiriwa akitaka kwa hiari yake kutoa sadaka likizo yake ya siku 21, sheria inamwambia hawezi. Fikiria kwa nini. Kijana aliyeacha chuo, mwenye kodi ya nyumba ya kulipa Kaptembwa, atasaini chochote utakachomwekea mezani. Kama saini ingetosha, sheria ya kazi ingekufa siku ya kwanza, kwa sababu kila mkataba ungekuwa na mstari mmoja wa kuifuta. Neno "mshauri" ni jaribio la kupita dirishani baada ya mlango kufungwa: hatukubadilisha haki zako, tumesema tu kwamba wewe si mtu mwenye haki hizo.

Na ni haki za thamani gani? Hapa tupige hesabu, maana waajiri wenyewe walishapiga.

Kwa mshahara wa 35,000, mwajiri anatakiwa kuchangia NSSF asilimia 6, ambayo ni 2,100 kila mwezi, na tozo ya nyumba ya asilimia 1.5, ambayo ni 525. Jumla 2,625 juu ya mshahara. Kwa miezi 19 hiyo ni 49,875. Likizo ni siku 21 za kazi kwa mwaka, kwa hiyo kwa miezi 19 ni kama siku 33 na robo. Ukigawa 35,000 kwa siku 26 za kazi kwa mwezi, siku moja ni 1,346, na likizo ile inakuwa takriban 44,760. Notisi ya mwezi mmoja ambayo sikupewa ni 35,000. Jumlisha zote: 129,635. Hiyo ndiyo bei ya neno moja, kwa mtu mmoja, katika ofisi yenye meza kumi na mbili. Sijahesabu siku za ugonjwa, ambazo baada ya miezi miwili kazini ni angalau siku 7 kwa malipo kamili na 7 kwa nusu. Sijahesabu bima ya ajali kazini, ambayo humlinda mwajiriwa na si mkandarasi. Kwa mwandishi hiyo ni kitu kidogo, lakini kwa anayeendesha pikipiki ya kampuni kutoka Molo hadi Kuresoi kukusanya majina ya wakulima, na ambaye pia anaitwa mshauri, si kitu kidogo hata kidogo.

Wapo wenzangu wanaopenda mkataba wa ushauri kwa sababu ya kile kinachofika mkononi. Tuwe wakweli, wana hesabu yao. Mshauri wa 35,000 anakatwa asilimia 5 inayopelekwa KRA, yaani 1,750, na kubaki na 33,250. Mwajiriwa wa kiasi hicho hicho, akishatozwa NSSF, bima ya afya, tozo ya nyumba na PAYE, anabaki na kama 29,560. Tofauti ni zaidi ya 3,600 kila mwezi. Hiyo ni umeme, gesi na nauli.

Shida ni kwamba ile asilimia 5 si kodi yote. Ni malipo ya mbele tu. Mshauri aliyepata 420,000 kwa mwaka, asiye na gharama za biashara za kutoa (maana ofisi si yake na laptopu si yake), anadaiwa kodi ya 63,400, anaondolewa nafuu ya kibinafsi ya 28,800, inabaki 34,600. Zilizokatwa kwa mwaka ni 21,000. Kwa hiyo ifikapo tarehe 30 Juni akijaza fomu yake kwa uaminifu, anadaiwa 13,600 nyingine. Na mchango wa bima ya afya bado ni juu yake. Ile pesa ya ziada mkononi, sehemu yake kubwa ilikuwa ya serikali, na iliyobaki ilikuwa akiba yako ya uzeeni ambayo hakuna aliyekuwekea. Mwajiri ndiye pekee aliyebaki na faida isiyodaiwa na mtu.

Ingawa hata yeye asilale sana. KRA nayo haifungwi na jina. Ikikagua na kuona mishahara iliyovaa nguo za ada za ushauri, inaweza kumdai mwenye kampuni PAYE ambayo alipaswa kukata, pamoja na adhabu na riba.

Tuje kwa kinachobadilika zaidi, ambacho hakihesabiki kwa kikokotoo. Mkandarasi huru mkataba wake unakatwa kwa masharti ya mkataba wenyewe, basi. Mwajiriwa hafukuzwi hivyo. Kabla ya kumwachisha kwa sababu ya utovu wa nidhamu, utendaji mbaya au kutojiweza, kifungu cha 41 kinataka aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua, na asikilizwe. Baadaye mwajiri ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba sababu ilikuwepo. Asipoweza, mahakama inaweza kuamuru fidia ya hadi mishahara ya miezi 12. Hadi miezi 12, si lazima 12. Jaji anaangalia umefanya kazi muda gani na mengine mengi. Lakini ule ujumbe wa Ijumaa jioni usingeandikwa kwa wepesi ule na mtu anayejua kwamba anaandikia mwajiriwa. Jina lilinunua ule wepesi.

Sasa nisikudanganye kwamba kila anayeitwa mshauri atashinda. Hapana. Anayedai kwamba aliajiriwa ndiye anayepaswa kuthibitisha kwanza kwamba uhusiano wa ajira ulikuwepo. Hilo likishindikana, kesi inakwama mlangoni, haki zile zote hazifikiwi. Aliyekuwa na wateja wengine, aliyejipangia bei, aliyetumia vifaa vyake na kuja ofisini akitaka, huyo ataambiwa ni mkandarasi, na ni haki aambiwe. Huwezi kula uhuru miaka mitatu halafu siku ya kuachwa ukadai ulikuwa kifungoni. Hata namna ya kulipwa ina uzito. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa iliamua kesi ya kampuni ya chumvi ya Krystalline na wafanyakazi wake 68 huko pwani. Walilipwa kulingana na kiasi cha kazi waliyoifanya, na mahakama ikasema kifungu cha 37, kinachomgeuza kibarua wa kila siku kuwa mfanyakazi wa mwezi, hakiwahusu watu wa kazi ya vipande. Ukweli wa kila siku ukichunguzwa unakata pande zote mbili. Ndivyo inavyopaswa kuwa, na ndiyo maana nautaka ukweli kuliko jina.

Kwa sababu hiyo, ushahidi ni kitu cha kukusanya ukiwa bado ndani, si baada ya kutolewa kwenye kikundi. Ujumbe wa kugawiwa kazi asubuhi, fomu ya ruhusa, barua ya onyo, ratiba ya zamu, taarifa ya M-Pesa au ya benki inayoonyesha kiasi kile kile tarehe ile ile mwezi baada ya mwezi. Hivyo ndivyo meno ya jembe. Mkataba wenyewe utautoa mwajiri, usiwe na wasiwasi. Ataubeba kama Biblia.

Njia nayo inategemea jibu. Ukiwa mwajiriwa una miaka 3 ya kushtaki. Malalamiko kwa afisa wa leba yanapaswa kufika ndani ya miezi 3 tangu ufukuzwe. Mtu wa mshahara usiozidi 80,000 kwa mwezi anaweza kusikilizwa na hakimu, hapa hapa kwenye mahakama za Nakuru. Ukiwa mkandarasi wa kweli ambaye mteja amekataa kumlipa, mlango wako ni mwingine: Mahakama ya Madai Madogo, kwa deni lisilozidi milioni 1. Ukibisha mlango usio wako utarudishwa, na muda unakwenda. Kwa hiyo swali la "mimi ni nani hapa" si falsafa. Ndilo linaloamua unapanga foleni gani.

Najua jibu la wenye ofisi ndogo, nimelisikia wakilisema kwa uchungu kabisa: biashara ni ngumu, mteja analipa baada ya siku 90, tukiwaajiri wote tutafunga. Nawasikia. Lakini sheria haijawanyima njia ya uaminifu. Kuna mkataba wa ajira wa muda maalumu, wa miezi sita au mwaka, unaoisha siku yake ikifika. Kuna kipindi cha majaribio hadi miezi sita, ambapo notisi ni siku saba. Kuna kumlipa mtu kwa makala kweli kweli na kumwacha aandike akiwa kwake, bila kidole, bila faini, bila kumkataza kuwa na wengine. Wasichotaka ni kuchagua. Wanataka utii wa mwajiriwa kwa bei ya mkandarasi. Na kama biashara yako haiwezi kusimama bila 2,625 za mtu anayelipwa 35,000, basi mtaji wako mkubwa ni huyo kijana, na hujamwambia.

Tungeweza kuwarahisishia wote, na mfano hauko mbali. Tanzania walishaandika katika Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, kwamba mtu atachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa jambo lolote kati ya yale yaliyoorodheshwa lipo: anadhibitiwa namna au saa za kazi, ni sehemu ya shirika, amemfanyia mtu huyo kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, anamtegemea kiuchumi, anapewa vifaa, au anamtumikia huyo mmoja tu. Ona uzuri wake: mzigo unahama. Aliyeandika neno "mshauri" ndiye anayepaswa kulithibitisha. Shirika la Kazi Duniani nalo lilipendekeza hivyo hivyo mwaka 2006, kwamba ukweli utangulie jina na kwamba nchi ziweke dhana ya aina hiyo kwenye sheria zao. Sisi bado tunamwachia kijana aliyetolewa kwenye kikundi cha WhatsApp kazi ya kuthibitisha kila jino la jembe, huku mwenye rekodi za kidole akikaa nazo kabatini.

Bunge liandike kifungu kama hicho. Hakihitaji bajeti. Hakimnyimi mtu yeyote uhuru wake wa kujiajiri. Mimi nitaendelea kutuma ankara zangu Njoro kama kawaida. Kitafanya jambo moja tu: anayetaka kumwita mtu mkandarasi huru atalazimika kwanza kumwacha awe huru.